Filme gani kwa mwenye matanga? Juu ya sinema tatu za Kisangani

Parokia nyingi zina siku hizi mashini ndogo ya sinema na kitambaa cheupe cha kutundika ukutani. Vijana wanaitumia, akina mama wa vikundi wanaitumia. Basi ulizo lenyewe linakuja peke yake: Mama fulani amefiwa, matanga yamekwisha, watu wamerudi kwao, naye anakaa kimya ndani ya nyumba. Tumwonyeshe nini? Wengine wanajibu mara moja: filme ya kuchekesha, kusudi asahau kidogo. Wengine wanasema: hapana, filme ya huzuni, kusudi machozi yaliyomjaa yapate njia ya kutoka. Majibu yote mawili yanatolewa mbio mno, sawa na munganga anayetoa dawa mbele ya kuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Nataka kupima jambo hili juu ya filme tatu za mtu mmoja, Dieudo Hamadi. Alizaliwa Kisangani mwaka 1984, akasoma kwanza mambo ya uganga, kisha akashika kamera. Filme zake tatu zinahusu watu wa mji huu: Examen d'État ya mwaka 2014, Maman Colonelle ya mwaka 2017, na En route pour le milliard ya mwaka 2020. Hakuna ndani yake wachezaji waliolipwa kujifanya watu wengine. Ni watu wenyewe, katika maisha yao. Tena wanasema lugha zetu, Kiswahili na Lingala, pamoja na Kifaransa. Jambo hilo si dogo kwa mtu mwenye matanga. Macho yenye machozi hayawezi kusoma maandiko madogo chini ya picha. Mwenye kufiwa akikosa maneno matatu au manne, anachoka, anaacha kufuata, anarudi katika mawazo yake, na filme inabaki ikicheza bure mbele yake.

(Najua kwamba wengine watanitajia Au risque de se perdre ya Fred Zinnemann, maana sehemu yake ilipigwa hapa mwaka 1958, mji ulipoitwa bado Stanleyville, na wazee wanapenda kutafuta mahali wanapopajua. Ni filme nzuri. Lakini ina karibu saa mbili na nusu, na habari ya kifo cha baba wa yule sista inakuja karibu na mwisho, wakati mwenye matanga amechoka tayari. Tuiache.)

Tuanze na ile iliyo kubwa kuliko zote. En route pour le milliard inasimulia habari za watu walioumizwa katika Vita ya Siku Sita. Kila mtu wa Kisangani anajua tarehe: tangu 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, mabomu yakaanguka juu ya nyumba za raia. Wengi walikufa, na wengine walizikwa mbio mbio, pasipo matanga na pasipo jamaa kukusanyika. Katika filme tunaona kikundi cha waliobaki, wengi wao hawana mguu au mkono. Wameamua kushuka mto hadi Kinshasa, njia ya kilometa karibu 1,700, kudai fidia kwa wakubwa wa nchi. Tunawaona katika mashua iliyojaa watu na mizigo, mvua inapiga, turubai inavuja, wanagombana, wanapika, wanacheka. Kisha wanafika Kinshasa, wanasimama mbele ya milango ya Parlama, na milango haifunguki. Katikati ya safari, Hamadi ameweka vipande vya mchezo wa jukwaani: watu wale wale wanaigiza na kuimba habari zao wenyewe gizani, taa ikimulika nyuso zao.

Kama filme, naona ndiyo kazi yake bora. Vile vipande vya jukwaani vimepangwa kwa akili nyingi. Mtu ambaye mtaani anaitwa kiwete, na ofisini anaambiwa arudi kesho, pale jukwaani anasema, na sisi tunanyamaza. Tena Hamadi hakutafuta kutuliza kwa uwongo. Hatuambiwi kwamba mambo yamekwisha vizuri, kwa sababu hayakwisha. Wakati ule wa uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2018 walirudi mikono mitupu.

Sasa angalia kosa linalotokea kwa urahisi. Katekista anasema: Mama huyu alipoteza mtoto wake katika Juni 2000, na hii ndiyo filme ya Juni 2000, basi ndiyo filme yake. Neno hilo laonekana kuwa la akili, kumbe ni kinyume. Wale wanaosoma Kiyunani watakumbuka kwamba Aristotele, katika kitabu chake juu ya ushairi, alitumia neno katharsis kwa kueleza namna mchezo wa huzuni unavyopitisha huruma na hofu ndani ya watazamaji. Hakueleza neno lenyewe, na wataalamu wanagombana hata leo kama maana yake ni kutoa uchafu au kusafisha. Lakini katika kitabu kingine, kile cha Retorika, alisema jambo lenye faida zaidi kwetu. Anasema huruma yahitaji umbali kidogo. Anamtaja mfalme wa Misri ambaye hakulia alipoona mtoto wake mwenyewe anapelekwa kuuawa, lakini alilia alipoona rafiki yake mzee akiomba chakula. Herodoto naye asimulia kisa hicho, kwa jina lingine la mfalme, na kwake mfalme mwenyewe anaeleza sababu: mabaya ya nyumba yake yalipita machozi, lakini taabu ya rafiki iliweza kuliliwa.

Kisa hiki kinaweza kutuongoza katika kuchagua. Mtu anayekaa kimya na macho makavu, mara nyingi si kwamba hana huzuni. Huzuni yake iko karibu naye mno, haiwezi kutazamwa. Ukimwonyesha picha ya jambo lake lenyewe, unamrudisha mbele ya mtoto wake anayepelekwa. Atakauka zaidi, au atatetemeka. Ukimwonyesha taabu ya jirani, inayofanana na yake lakini si yake, machozi yanapata njia. Kwa sababu hiyo, naona kwamba En route pour le milliard inafaa sana kwa mjane ambaye mume wake alikufa kwa ugonjwa wa sukari, au kwa baba aliyepoteza mke wake katika kuzaa. Hao wataona watu waliopotewa na mengi wakiendelea kula, kubishana na kudai haki yao, na watalia kwa ajili ya hao watu, na pasipo kujua watalia kwa ajili yao wenyewe. Lakini kwa yule wa Juni 2000, isiwe ya kwanza. Labda baadaye, akiiomba yeye mwenyewe, tena akiwa pamoja na wenzake waliopitia mambo yale yale, maana filme yenyewe ni ya kikundi na si ya mtu pekee.

Kuna sababu nyingine ya kungoja. Tangu filme ilipotoka, mambo yamesonga. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Haki ya Kimataifa huko La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dolari milioni 325, na katika hizo milioni 225 ni juu ya watu waliouawa na kuumizwa. Mfuko wa kuzigawa, uitwao FRIVAO, una makao yake hapa Kisangani. Rwanda haikuhukumiwa katika mahakama ile, kwa maana haikukubali uwezo wake. Basi ukionyesha filme hii leo kwa wenye kufiwa wa vita, tazamia kwamba nyuma ya picha ya mwisho mazungumzo yatakuwa juu ya orodha, majina na malipo. Ni mazungumzo ya haki, wala si kazi yetu kuyazuia. Ila marehemu hatatajwa. Ukitaka jioni ya kumtaja marehemu, chagua filme nyingine. Ukitaka jioni ya kudai haki, sema hivyo tangu mwanzo, watu wajue wamekuja kwa nini.

Maman Colonelle ni ya namna nyingine. Kolonele Honorine Munyole, mwanamke wa polisi, mjane mwenye watoto, anahamishwa kutoka Bukavu, ambapo alilinda wanawake na watoto walionajisiwa, na kutumwa Kisangani kufanya kazi ile ile. Huko Bukavu watu wanalia anapoondoka. Hapa anakuta ofisi maskini, kisha wanawake wanaanza kuja. Wanamweleza si mambo ya jana tu, bali mambo ya Vita ya Siku Sita, ambayo wameyaficha miaka mingi. Tena anakuta watoto walioshitakiwa uchawi, wamefungiwa na kuteswa. Anawatoa. Anawaweka wale wanawake na wale watoto mahali pamoja, kusudi wawe jamaa, na anakwenda sokoni kuomba watu wachangie.

Filme hii inatuliza, lakini si kwa maneno matamu. Inatuliza kwa kazi. Kolonele hakai kusikiliza tu. Anafagia, anaamuru, anakasirika, anahesabu fedha. Mwenye kufiwa anayeitazama anaona mjane mwenye mikono. Wataalamu wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliandika mwaka 1999 kwamba mwenye matanga anatembea kati ya njia mbili: mara anageukia yule aliyempoteza, mara anageukia maisha anayopaswa kuyapanga upya, yaani karo, nyumba, shamba, kazi ambazo marehemu alizifanya. Kwao afya si kukaa katika njia moja. Ni ule mwendo wa kwenda na kurudi. Hii ndiyo sababu naona ulizo letu la kwanza, kulia au kutulizwa, liliwekwa vibaya. Filme nzuri kwa mwenye matanga ni ile yenye njia zote mbili ndani yake, ikimruhusu kupita kutoka moja hadi nyingine. Maman Colonelle inazo. Baada ya ushuhuda mzito, inakuja safari ya sokoni, jua, kelele, watu wanaobisha bei.

Lakini nina neno dhidi yake. Shuhuda zile ni nzito mno, na kamera ya Hamadi haigeuki. Mwanamke aliyeguswa na jambo la namna hiyo, hata kama leo analilia kifo kingine kabisa, anaweza kufunguliwa jeraha ambalo hakuna mtu katika chumba anayelijua. Na hawezi kusema kwa nini ametoka nje. Kwa hiyo filme hii isionyeshwe kwa kundi kubwa la wajane pasipo mama mmoja mwenye busara kukaa karibu na mlango, awe tayari kumfuata anayetoka, amkalishe, asimwulize kitu.

Nifike kwa Examen d'État, ambayo wengi watadhani ni rahisi. Wanafunzi wa darasa la mwisho wanafukuzwa masomoni kwa kukosa fedha ya walimu. Wanakodi nyumba, wanaiita maquis, wanasoma usiku pamoja, wanatafuta maswali ya mtihani mahali pasipopaswa, wanakwenda hata kuombewa juu ya kalamu zao. Mwishoni yanakuja matokeo, pamoja na furaha tunayoijua sote, vijana wakimwagiana unga mweupe kichwani na kukimbia mitaani. Filme hii inachekesha, tena kicheko chake ni cha kweli, kimetoka katika taabu. Mtu mzima wa Kisangani anacheka kwa sababu anatambua hila zote. Wazee wanakumbuka pengine filme za Matamata na Pilipili, alizozitengeneza padri Albert Van Haelst wa Scheut, huko Kasai, mbele ya Uhuru: mtu mnene na mtu mwembamba, na watu wakianguka kwa kucheka. Kicheko kile kilikuwa cha mtu anayetazama mjinga. Kicheko cha Hamadi ni cha mtu anayejitazama mwenyewe, na kwa huzuni hicho ndicho kinachofaa, kwa sababu hakimwombi mwenye kufiwa kujifanya mtu mwingine.

Kwa kijana aliyefiwa na baba yake na anaogopa kwamba masomo yamekwisha, sijui filme iliyo bora kuliko hii. Lakini iweke mbele ya mama aliyemzika mtoto wa darasa la sita, utaona kwamba filme ya kuchekesha inaweza kuwa kali kuliko filme ya vita. Kila mwanafunzi katika picha ana umri wa mtoto wake. Ile siku ya unga mweupe ndiyo siku ambayo mtoto wake hakuiona. Basi neno "kuchekesha" peke yake halituambii kitu. Ukichagua, usiulize kwanza kama filme ni ya furaha au ya huzuni. Uliza mwisho wake unamleta nani nyumbani, na nani hakurudi.

Sasa juu ya machozi yenyewe, maana wengi wetu tunaamini kwamba kulia kunatuliza mara moja. Mwaka 2015 Asmir Gračanin na wenzake huko Uholanzi walichapisha uchunguzi mdogo. Watu 60 walionyeshwa filme ya kuhuzunisha, La vita è bella au ile ya mbwa Hachi anayemngoja bwana wake. 28 walilia, 32 hawakulia. Mara filme ilipokwisha, waliolia walikuwa vibaya kuliko mbele ya kuanza. Nyuma ya dakika 20 walirudi pale walipokuwa. Na nyuma ya dakika 90 walijisikia vizuri kuliko mbele ya filme. Wale ambao hawakulia hawakubadilika. Si watu waliofiwa wiki ile, na 60 ni wachache, kwa hiyo tusijenge kanisa juu ya hesabu hiyo. Lakini inatuonyesha kosa tunalolifanya karibu kila mara: filme inakwisha, mtu anawasha taa, anasema asante, viti vinapangwa, mashini ya umeme inazimwa, na mama mwenye macho mekundu anapanda pikipiki kurudi nyumbani gizani. Tumempeleka katika saa yake mbaya kuliko zote, tukamwacha humo peke yake.

Basi hesabu ya jioni ianzie mwisho. Maman Colonelle ina dakika kama 72. Ukiongeza dakika 90 za kukaa pamoja, ni karibu saa mbili na dakika 45. Ikiwa watu wanapaswa kuwa nyumbani saa kumi na mbili jioni, filme ianze saa tisa, si saa kumi na moja. Chumba kitiwe giza kwa vitambaa. Katika zile dakika 90 si lazima kuwe na hotuba. Chai, mkate, karanga, na watu wawili watatu wanaomjua marehemu kwa jina. Na umeme ukikatika katikati, kama tunavyouzoea, usiache watu katikati ya sehemu ya ushuhuda wakingoja gizani. Wasimulie kwa kinywa jambo linalofuata.

Tufanye sasa mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme kuna mama wa miaka hamsini na zaidi, tumwite Mama Anna. Mume wake alikuwa mfanyabiashara wa mtoni. Mashua ilizama, mwili haukupatikana. Ni miezi minne. Mama Anna hasemi, anafanya kazi za nyumba kama mashini. Mtoto wake wa mwisho yuko darasa la sita. Dada ya marehemu anakuja kwa katekista na kusema: Baba Katekista, tumfanyie nini yaya wetu?

Katekista anawaza kwanza juu ya En route pour le milliard. Mama Anna hakupoteza mtu katika vita, kwa hiyo, kadiri ya maneno niliyosema juu, hiyo ni taabu ya jirani. Lakini ngoja. Sehemu kubwa ya filme hiyo iko juu ya mto, katika mashua iliyojaa, katika mvua na upepo. Kwa mwingine ni safari. Kwa Mama Anna ndicho kifo chenyewe. Yule aliyeandika tangazo la filme aliandika "vita" na "fidia", hakuandika "mashua". Mtu asiyeitazama filme peke yake, mbele, na saa mkononi, hawezi kujua. Kwa hiyo hii inaondoka.

Examen d'État: mtoto yuko darasa la sita, karo haijalipwa, mume ndiye aliyelipa. Inagusa njia ile ya pili, ya maisha ya kupangwa upya. Si mbaya. Ila Mama Anna hajalia bado, na filme hii inaweza kumwongezea hofu ya fedha juu ya huzuni isiyosemwa. Ingefaa zaidi kwa mtoto, tena pamoja na wenzake. Katekista anaiweka pembeni kwa mwezi ujao.

Inabaki Maman Colonelle, pamoja na hatari yake. Hapa naona kwamba inaruhusiwa kufanya jambo ambalo mtengenezaji wa filme hatalipenda: kuonyesha sehemu tu. Mapadri wa sinema ya zamani walikuwa na msemaji karibu na kitambaa, aliyeeleza picha kwa lugha ya watu, akasimamisha panapohitajika, na kwa jambo hilo walikuwa na akili kuliko sisi tunaobonyeza na kukaa. Katekista anaonyesha mwanzo: kuaga Bukavu, machozi ya wale wanaoachwa, Kolonele kufika Kisangani na kupanga nyumba na ofisi. Hapo kuna kuagana, na kuagana ndiko Mama Anna alikokosa, kwa kuwa hakuna mwili wala kaburi. Kolonele anaondoka akiwa mzima, watu wanamshika mikono, wanalia mbele yake. Hiyo ni taabu ya jirani kweli kweli: inafanana na yake, lakini haimtaji. Mbele ya shuhuda za wanawake, katekista anasimamisha na kusema wazi: "Mama, kuanzia hapa kuna maneno mazito juu ya wanawake walioumizwa. Tunaweza kuacha, au kuruka hadi sokoni." Yeye achague. Akisema tuache, wameacha.

Na namna ya kujua kama jambo limekwenda vizuri? Usiyahesabu machozi. Tazama kama macho yake yanarudi kwenye picha. Anayelia na kuendelea kutazama yuko pamoja na filme. Anayekauka, ambaye pumzi yake imekuwa fupi, ambaye anatazama mlango au mikono yake, yuko mahali pengine, na hapo filme isimamishwe hata kama wengine wanaitaka. Kisha tazama maneno. Akianza kusema juu ya Kolonele, "Huyu mama ana nguvu, na wale watu wa Bukavu walimpenda," mwache aseme juu ya Kolonele. Usimvute mbio kwa marehemu. Akitaka kupita mwenyewe kutoka Bukavu hadi mtoni, atapita. Labda leo, kwenye kikombe cha pili cha chai, labda wiki mbili nyuma yake, akiwa sokoni na dada ya mume wake. Na kama usiku ule hakulala, kesho asubuhi dada huyo awe mlangoni kumwuliza namna alivyoamka, mbele ya mtu yeyote kufikiri juu ya filme ya pili.